Part 1 iko wapi?

Shangazi yangu wa Bomet alituma video kwenye grupu ya familia saa tatu usiku, bila neno, akaweka tu nyuso tatu zenye hasira. Kwenye video kuna mwanamume amevaa koti la kazi la kijani, amesimama kando ya mizani inayoning'inia. Mama mmoja anamwonyesha risiti na kumuuliza, "Kilo zangu tatu ziko wapi?" Mwanamume anacheka, anampa mgongo, anaita, "Mwingine!" Hapo inakatika. Haifiki hata dakika moja.

Mimi nilikuwa Kasarani, nimelala na simu juu ya kifua. Nikaifowadi kwenye grupu mbili na kuandika, "Hawa wanaiba mchana kweupe." Sikuuliza ni kituo gani, sikuuliza ni nani, sikuuliza ilichukuliwa lini. Siku mbili baadaye ndipo nikajua kwamba ni mchezo wa kuigiza, kwamba ni kipande cha tatu kati ya saba, na kwamba "karani" ni jirani wa mwenye akaunti, anaendesha bodaboda na koti ameazima. Ukitazama vipande vyote saba kwa mpangilio, karani hana kosa lolote.

Kabla hujanicheka, elewa kwa nini ni rahisi kuamini. Kule Kericho na Bomet, mkulima mdogo anachuna majani mawili na chipukizi, anajaza gunia, analipeleka kituoni, karani anapima, mkulima anapewa risiti. Pesa ya mwezi inatokana na hizo kilo, na bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai pia. Kwa hivyo mizani ndiyo mahali ambapo jasho linageuka kuwa namba, na kila nyumba ina hadithi yake ya siku namba ilipokataa kulingana na jasho. Chai huko si mada ya kuchezea. Mwaka 2023 watu walichoma mashine za kuchuna chai Kericho wakisema zinawanyima kazi. Hayo yalikuwa ya mashamba makubwa, si ya vituo vya wakulima wadogo, lakini hasira za majirani huambukizana.

Nikamtafuta mwenye video. Ni dada wa miaka ishirini na mbili, anaishi upande wa Konoin, na ameniomba nisitaje akaunti yake kwa sababu ambazo zitaeleweka. Nitauita mfululizo wake "mizani". Nataka kuuhakiki kama ninavyoweza kuhakiki hadithi fupi, kwa sababu ni hadithi nzuri, nzuri kuliko nyingi zinazochapishwa. Ubaya wake wote, na ulikuwa mkubwa, ulitoka kwenye namba.

Hadithi yenyewe inaenda hivi. Kipande cha kwanza, asubuhi: mama anapima gunia nyumbani kwa mizani ya mkono, anatoa uzito wa gunia, anasema kwa sauti, "Ishirini na sita." Mwanawe mkubwa anajitwisha gunia kulipeleka kituoni, mama anabaki nyuma kidogo kufunga ng'ombe. Kamera inamfuata kijana mpaka kwenye kona ya barabara, anatua mzigo chini ya mti, anaangalia nyuma. Basi. Kipande cha pili, mama anafika kituoni, risiti inasoma ishirini na tatu. Cha tatu ndicho ulichokwisha kukisikia. Cha nne, kijiji kinaanza kusema. Cha tano, binti wa nyumba hiyo anaanza kufanya upelelezi: anapima gunia likiwa tupu, likiwa kavu, likiwa limelowa, na anagundua kwamba umande na mvua vinaweza kula sehemu ya tofauti, lakini si kilo tatu. Cha sita, anamfuata kaka yake na kumkuta kwenye ile kona, anawamiminia mabroka wa barabarani majani kutoka kwenye gunia la mama, analipwa taslimu papo hapo. Cha saba, mama na karani wanakutana sokoni, na sitakwambia wanaambiana nini.

Angalia jinsi alivyoijenga. Mwizi yumo kwenye kipande cha kwanza, mchana, mbele ya macho yako. Ule mtazamo wa nyuma chini ya mti ni wa sekunde mbili, na ndio msingi wa hadithi nzima. Aliyeuona akifika kwenye kipande cha tatu anacheka kwa wasiwasi, kwa sababu anajua kuna kitu mama hajui. Asiyeuona anapata karani mwizi na mama maskini, yaani anapata habari badala ya hadithi. Kuna mifululizo ambayo unaweza kuingilia popote: mtu anayeigiza walimu wake, kila video kichekesho kipya. Huu si wa aina hiyo. Huu una mlango mmoja tu.

Sasa tuone alivyouficha mlango.

Kipande cha kwanza alikipakia TikTok bila namba, kwa maelezo "Kilo za mama 😂". Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Sikujua kutakuwa na cha pili." Hilo ni jibu la kweli, na ni kosa la kwanza la karibu kila mtu. Watu wakapenda, wakauliza itakuwaje, akarekodi kingine na kukiandikia "Part 2". Kipande cha tatu alikuwa na haraka, akakiita "KARANI MWIZI", bila namba. Cha nne akakipa jina "Part 3", kwa sababu alikuwa anahesabu zile zenye namba tu. Cha tano kikawa "Part 4". Cha sita kikawa "Mwisho??" na cha saba "Part 2 ya mwisho".

Jiweke kwenye nafasi ya mtu aliyekutana na karani mwizi na anataka kujua mwanzo. Anaingia kwenye komenti na kuandika kile ambacho kila mtu huandika: "Part 1 iko wapi?" Anatafuta "Part 1" kwenye akaunti, haipo. Anapata "Part 2", anafikiri ndiyo inayofuata baada ya ile aliyotoka kuiona, kumbe ndiyo iliyotangulia. Anapata "Part 2 ya mwisho" na anaamini ni ile ile. Mtu mwenye subira kama ya mtume angeweza kulipanga fumbo hilo, lakini nani ana subira hiyo akiwa kwenye matatu?

Na simu yenyewe haimsaidii. Hili wengi wetu hatulifikirii kwa sababu tumelizoea. Ukifungua ukurasa wa mtu TikTok, video mpya kabisa iko juu, ya zamani iko chini. Kwa hivyo hadithi ya vipande saba inakuonyesha mwisho wake kwanza. Ukibofya cha saba kisha utelezeshe kidole kwenda juu, kama ambavyo kidole chako kimefunzwa, unapata cha sita, halafu cha tano. Unasoma kitabu kutoka nyuma. Na hata ukikipata cha kwanza kwa bahati na kutelezesha hivyo hivyo, hupelekwi kwenye cha pili. Unapelekwa kwenye video iliyopakiwa kabla ya mfululizo kuanza. Kwake ilikuwa ni kondoo anakula mandazi. Ni kondoo mzuri, lakini hadithi imekufa.

Hapa kuna jambo lililonishangaza zaidi katika kesi hii. Dada huyu alikuwa ameviweka vile vile vipande saba kwenye Status ya WhatsApp, vyote Jumapili moja, bila namba hata moja. Majirani wote waliomwelewa ni wale walioviona huko. Status inacheza kuanzia kilichowekwa kwanza kwenda kilichowekwa mwisho, na baada ya saa ishirini na nne vimefutika. Mpangilio unalindwa na mashine, na hakuna kipande kinachobaki nyuma kuzurura peke yake. Kwa hivyo watu wenye namba yake ya simu walicheka na kumpongeza mama yake, na watu wasiomjua, wa TikTok, walikasirika. Mashabiki wa karibu na hasira za mbali zilitoka kwenye video zile zile. Yeye aliona pongezi za nyumbani akadhani hadithi imeeleweka kila mahali.

Kisha ile ya tatu ikatoka nje ya TikTok. Mtu aliipakua, mwingine akaifowadi, ikaanza kutembea kwenye grupu za WhatsApp za wakulima. Ukipakua video, maelezo yaliyoandikwa chini yake hayaji nayo. Komenti haziji. Hata ingekuwa na "Part 3" kwenye maelezo, neno hilo lingebaki mlangoni kama viatu. Kinachosafiri ni picha na sauti tu. Ilipofika kwa shangazi, ilikuwa imevuliwa kila kitu ambacho kingeweza kusema "mimi ni igizo, na kuna sehemu mbili kabla yangu".

Yule kijana wa bodaboda alilipia. Siku ya soko Litein, mama mmoja aliyekuwa ameshakubaliana naye nauli alimtazama usoni mara ya pili, akashuka. Mwingine akamwita mwizi wa kilo mbele ya watu. Aliniambia kwenye simu kwamba mwanzoni alicheka, kwa sababu mwigizaji anayechukiwa ameigiza vizuri, lakini siku ya tatu ya kukosa abiria hakuna kicheko. Nakumbuka nilinyamaza kidogo kabla ya kumwambia kwamba na mimi niliifowadi. Akasema, "Sawa, ndugu yangu. Nyote mlifowadi."

Baada ya hapo dada alirekebisha, na marekebisho yake ndiyo ninayotaka kuyahakiki kwa ukali kidogo, kwa sababu alipatia nusu.

Alirudi kwenye programu ya kuhariria, akachoma maandishi ndani ya picha yenyewe: jina la mfululizo, halafu namba, "MIZANI 1/7", "MIZANI 2/7", mpaka saba. Hapo alipatia kwa mambo mawili. Kwanza, jina na namba viko pamoja. "Part 2" peke yake haikwambii part 2 ya nini, na akaunti ikishakuwa na mifululizo mitatu utakuwa na part 2 tatu zinazogombana. Pili, yameungana na picha, kwa hivyo ukipakua, yanakuja, ukifowadi, yanaenda. Shangazi angeona "3/7" na angalau angejiuliza zile mbili za mwanzo zilisema nini.

Lakini aliyaweka chini kushoto, madogo. Chini kushoto ndipo TikTok inapoweka jina la akaunti na maelezo, na upande wa kulia kuna vile vitufe vya moyo na komenti. Kwenye simu yake wakati wa kuhariri yalionekana vizuri, kwa sababu programu ya kuhariri haina vitu hivyo. Baada ya kupakia, namba ikalaliwa na maandishi mengine. Namba ikae sehemu ya juu, imeshuka kidogo kutoka ukingoni, na kwenye kava iwe katikati, maana ukurasa wa akaunti hukata juu na chini ya kava. Njia ya kujua ni rahisi: pakia kwa faragha, ujionee mwenyewe kwanza, halafu mpe mtu mzima asiye na miwani yake.

Kosa lingine ni kwamba aliionyesha kwa sekunde mbili za mwanzo kisha ikatoweka. Nilimuuliza sababu, akasema inaharibu picha. Ninamwelewa, picha zake za umande juu ya chai saa kumi na mbili asubuhi sitaki kuziona na bango. Lakini wanaokata video hawakati kwa heshima. Walioisambaza ile ya tatu walikata mwanzo ili ianzie kwenye kelele. Namba ya sekunde mbili ingekatwa pamoja na mwanzo huo. Namba ndogo inayokaa mwanzo mpaka mwisho, rangi hafifu, ni bei ndogo.

Na ile "/7" ni tamu lakini ina masharti. Inamwambia mtazamaji urefu wa safari, jambo ambalo "Part 3" haliwezi. Ila inataka ujue jumla kabla ya kupakia cha kwanza, yaani vyote viwe vimesharekodiwa. Yeye sasa angeweza kwa sababu hadithi ilikuwa imeisha. Kama bado unaandika huku unapakia, andika namba pekee, na ya mwisho ongeza neno "MWISHO" mara moja tu, bila alama za kuuliza. Nimeona mtu akiandika "4/5", kisha "5/5", kisha "6/5". Huyo amewaambia watazamaji wake kwamba namba zake hazina maana.

Video zilizorekebishwa alizipakia upya, na kipande cha kwanza akakipini juu ya ukurasa. Kupini ni dawa ya ule ukurasa uliopinduka: unaruhusiwa video tatu tu, kwa hivyo pini ya kwanza na uache nyingine. Baadhi ya watu huzifunga video kwenye orodha moja inayocheza kwa mpangilio, lakini si kila akaunti inapewa chombo hicho, na yeye hakuwa nacho. Kuna pia ujanja wa kupakia kinyume, ya saba kwanza na ya kwanza mwisho, ili ukurasa usomeke kutoka juu. Unafanya kazi ukipakia zote kwa mkupuo. Ukipakia moja kila siku, umeuza mwisho wa hadithi siku ya kwanza.

Ile ya zamani ya tatu hakuifuta. Hapo nilibishana naye. Mimi nilisema ifutwe, yeye akasema ikifutwa TikTok, ile iliyo WhatsApp itabaki bila mzazi, na mtu akiitafuta hatakuta chochote cha kumsahihisha. Badala yake akapini komenti juu yake: hili ni igizo, anzia "MIZANI 1/7", iko juu ya ukurasa wangu. Nimefikiri sana na sasa naona yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipuuza, kwa sababu waigizaji wadogo wote hulitaja: namba inafukuza watu. Mtu akiona "4/7" anahisi amechelewa na anapita, na akipita, mashine inaamua video haipendwi. Kwa hivyo wengine huficha namba makusudi ili kila kipande kionekane kama kimejitosheleza. Ni kweli kwamba wengine hupita. Lakini ona unachokipata kwa kuwabakiza kwa ujanja: unapata watu waliokasirishwa na kipande cha tatu. Dada wa mizani aliwapata wengi. Ile isiyo na namba ilitazamwa mara nyingi kuliko sita nyingine zikijumlishwa, na hakuna hata mmoja wa watazamaji hao niliyemkuta anayejua kuhusu ule mti.

Filamu za Bongo enzi za Kanumba ziliuzwa kwa diski mbili, Part 1 na Part 2, na watu walilalamika kwamba wanalipishwa mara mbili kwa hadithi moja. Walikuwa na haki ya kulalamika. Ila hakuna aliyelalamika kwamba hajui aanze na diski ipi. Namba ilikuwa kwenye jalada, kubwa, na ukiokota Part 2 peke yake mwenye kibanda alikuwa anakuuliza kama ya kwanza unayo. Simu haina mwenye kibanda. Kazi ile ya kuuliza inabidi ifanywe na picha.

Wiki iliyopita ile video imerudi tena kwenye grupu ya familia, safari hii kutoka kwa binamu, ikiwa imefifia kwa kufowadiwa. Kabla mtu hajaweka uso wa hasira, nikatuma kiungo cha "MIZANI 1/7" na kuandika, "Shangazi, anzia hii, halafu uendelee mpaka saba." Hakujibu. Nikafikiri amelala. Baada ya kama dakika kumi akaandika:

"Nimefika ya pili tu. Kwani huyo kijana alikuwa anaangalia nini nyuma pale chini ya mti?"